Uongo mdogo mdogo ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa miaka saba kwenye baraza la usuluhishi la ndoa la kata moja hapa Mwanza. Watu hawaji barazani wakisema "mwenzangu ananidanganya yuko wapi". Wanakuja na ugomvi wa unga, wa ada, wa simu iliyozimwa. Ukifunua funua, chini yake unakuta rundo la vitu vidogo: alisema yuko Igoma kumbe yuko Kirumba, alisema samaki ni elfu kumi na mbili kumbe ni elfu kumi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara. Mifano nimeibadilisha vya kutosha ili mwenyewe akisoma asijitambue.

Kila mtu anadanganya. Kwa nini nihangaike na elfu mbili?

Kweli kila mtu anadanganya. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Bella DePaulo, na wenzake waliwapa watu daftari waandike kila uongo waliosema kwa wiki nzima. Wanafunzi wa chuo walifikia kama uongo mara mbili kwa siku, na watu wa kawaida wa mitaani kama mara moja. Mwingi ulikuwa uongo mdogo ambao wenyewe hawakuuona kuwa na uzito, na sehemu yake ulikuwa wa heshima tu, wa "chakula kitamu sana shemeji". Kwa hiyo mwenzako akisema foleni ya Mabatini ndiyo iliyomchelewesha, kumbe alisimama kupiga stori na rafiki yake, usiitishe kikao.

Elfu mbili peke yake haikuambii kitu. Anza kuiangalia pale unapoona mambo matatu. La kwanza, anadanganya hata pale ambapo ukweli usingemgharimu chochote. Angekwambia "nilipita Buzuruga" ungejibu "sawa", lakini yeye amesema Nyegezi. Kuna kitu cha Buzuruga anachokizungushia ukuta. La pili, uongo unakuja umeshapambwa: jina la mtu aliyekuwa naye, bei, sababu ya simu kuisha chaji, na vyote anavisema kabla hujauliza. La tatu, unajirudia kwenye kona ileile, siku zilezile au kiasi kilekile. Hili la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo nitakalolirudia.

Nimemkamata kwenye uongo wa mahali alipokuwa. Ana mchepuko?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na ndilo linaloharibu mambo, kwa sababu ukishalijibu kichwani unaacha kutazama. Nikihesabu walioniketia mbele wakiwa na hakika ya mchepuko, wengi tulikuta pesa: deni, kamari, au ndugu anayelishwa kwa siri. Mchepuko upo, simkatalii mtu. Ila uongo wa kila aina una umbo lake, na umbo ndilo la kusoma.

Uongo wa deni una kalenda. Unakaza kuelekea siku ya rejesho na kulegea siku inayofuata. Mtu anakula cha juu kidogo kidogo kwenye nyanya, mkaa na nauli, na ukijumlisha wiki nzima unapata kiasi kisichobadilika sana.

Uongo wa kubeti unafuata mechi. Ijumaa mpaka Jumapili mtu yuko mbali hata akiwa amekaa sebuleni, simu mkononi. Jumatatu pesa haipo na sababu yake ni ndefu. Halafu kuna wiki moja anarudi na zawadi zisizoeleweka, kuku wawili na khanga, kwa sababu mkeka umekubali. Deni la kawaida halikupi zawadi za ghafla. Kamari inakupa, na ndiyo sababu wengine wanachelewa kuitambua.

Uongo wa ndugu unafuata shule na misiba. Januari shule zinapofunguliwa, Julai tena, au simu ikipigwa kutoka Magu au Sengerema. Mara nyingine "ndugu" huyo ni mtoto aliyezaliwa kabla yenu na hukuambiwa. Hapo pesa ni ndogo na ya kawaida, lakini jambo lenyewe ni kubwa.

Uongo wa mtu mwingine huiba muda zaidi kuliko pesa. Saa mbili hazina maelezo, zinakosekana wakati uleule, na simu inageuzwa kifudifudi. Pesa inaweza isipungue kabisa kwa muda mrefu.

Na kuna uongo wa woga, ambao hauna jumla wala kalenda. Unazunguka mada moja tu: mama yake, pombe, rafiki fulani usiyempenda. Huo nitaurudia chini kwa sababu una upande wako ndani yake.

Naweza kumtambua kwa kumwangalia machoni?

Huwezi. Mwaka 2006 Bond na DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya watu kutambua uongo kwa kutazama na kusikiliza, na wastani wa waliopatia ulikuwa kama asilimia 54, wakati ukibahatisha kwa kurusha shilingi unapata 50. Mtu anayekwepa macho anaweza kuwa anaogopa tu kelele zako. Anayekutazama bila kupepesa anaweza kuwa amezoea. Achana na macho, shika kalenda.

Nitauonaje huo mtindo bila kuwa askari ndani ya nyumba yangu?

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, maana kina kila kitu.

Mume ni fundi wa magari upande wa Igoma. Mke ananunua dagaa Mwaloni, Kirumba, anauza kwa kisado mitaa ya Nyakato. Wana miaka tisa na watoto watatu. Mume alikuja peke yake, hasira imemkaa shingoni, akasema mke ana bwana. Ushahidi wake: mke alisema Jumatano jioni alikuwa mazoezi ya kwaya, na mwimbaji mwenzake akamuuliza mume barabarani, "mbona mama watoto siku hizi hatumwoni?" Pia Alhamisi asubuhi simu yake huwa haipatikani. Pia bei zake za sokoni zilikuwa haziendani na bei alizozikuta yeye mwenyewe alipopita.

Nilimwomba afanye jambo moja kwa wiki nne, kabla ya kusema neno lolote nyumbani. Anunue daftari la shule, na kila usiku aandike vitu vitatu tu: alichoambiwa, alichokijua kwa bahati bila kutafuta, na pesa aliyokadiria haina maelezo. Nilimkataza kufuatilia mtu, kuuliza majirani na kushika simu ya mkewe. Anayeenda kutafuta anaona anachokitafuta. Daftari la aliyetulia linaandika hata siku ambazo hakukuwa na uongo, na siku hizo ni muhimu sawasawa na zile nyingine.

Wiki ya kwanza makadirio ya pesa isiyo na maelezo yalikuwa 31,000. Ya pili 34,000. Ya tatu 32,000. Ya nne 33,500. Hesabu za mtu anayekisia haziwezi kuwa sahihi, lakini zilizunguka palepale. Cha pili, pesa haikupotea kwa mkupuo. Ilipungua elfu nne hapa, elfu sita pale, kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano. Alhamisi haikupungua hata shilingi, na jioni ya siku hiyo, aliandika kwa mwandiko wake, "amecheka na watoto".

Nilipoona mstari huo sikuhitaji kingine. Bwana hana rejesho la kudumu la elfu thelathini na kitu, wala mtu harudi kwa bwana akiwa ametua mzigo siku hiyohiyo kila wiki. Ile ni siku ya marejesho. Mikopo hii tunaiita kausha damu, na jina limeshaeleza.

Ikawa hivyo. Mke alikopa 300,000 ili aongeze mtaji wa dagaa. Rejesho lilikuwa 33,000 kila Alhamisi kwa wiki 12, yaani 396,000 kwa jumla. Mzigo wa kwanza ukanyeshewa ukiwa bado haujakauka. Anayeijua biashara hii anajua maana yake: dagaa iliyonyeshewa inabadilika rangi na harufu, mnunuzi wa chakula anaikataa, na unaiuza kwa bei ya chakula cha kuku. Mtaji uliondoka ndani ya siku mbili na marejesho yakabaki. Jumatano jioni, badala ya kwaya, alikuwa akizunguka kutafuta kilichopungua kwenye 33,000. Alhamisi asubuhi alizima simu, kwa sababu wenzake wa kikundi wanaanza kupiga mapema kuliko adhana.

Kwa hiyo ukijua ni deni, mambo yamekwisha?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ungamo la kwanza karibu siku zote ni nusu. Yule mama alitaja mkopo mmoja. Mume akapumua, akasema atasaidia. Siku mbili baadaye akataja wa pili: alichukua 200,000 kwa watu wengine ili alipe ule wa kwanza, na huu unarudishwa 24,000 kwa wiki kwa wiki 10. Mume alilichukulia hili kama uongo mpya na ndoa ikakaribia kuvunjika upya.

Simlaumu, lakini naomba ulielewe. Mtu aliyeficha kwa miezi hawezi kutua vyote mara moja. Anatua kimoja, anatazama kama nyumba imesimama, ndipo anatua cha pili. Kwa hiyo ukipokea ungamo, usiseme "ni hicho tu?" kwa sauti ya kesi. Sema: "Leo umenieleza hili. Jumapili tutakaa tena na daftari, uniletee na mengine yaliyobaki, hata yale ya aibu." Umempa siku, na umempa mlango.

Walipokaa Jumapili walikuta wa kwanza umebaki wiki tano, 165,000, na wa pili wiki nane, 192,000. Jumla 357,000. Hofu ilikuwa kubwa kuliko hesabu. Alikuwa amelala na wasiwasi kama wa mtu mwenye deni la milioni tatu. Mchezo wa mume kazini ulikuwa unamfikia mwezi uliofuata, wakautumia kumaliza ule wa kwanza, na wa pili wakaendelea nao wote wawili wakijua siku yake.

Nisikudanganye kwamba waliondoka wameshikana mikono. Mume aliniambia pesa ameisamehe, kwaya hajaisamehe. Alikuwa akiwahimiza watoto wawahi kula Jumatano ili mama akirudi kutoka kanisani apumzike. Uongo wa mahali huuma kuliko wa pesa kwa sababu unamfanya mwenzako aishi ndani ya picha ambayo haipo, na aihudumie.

Mume wangu ni mtu wa ziwani. Nitajuaje kama kweli yuko visiwani?

Ziwa lenyewe lina kalenda, na wake wa wavuvi wanaijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa taa hauwavuti, na kambi hutulia kwa karibu wiki nzima au zaidi: watu wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, wengi wanarudi nyumbani. Mvuvi wa dagaa anayesema mwezi mpevu ndio umemshika kazini anahitaji kuulizwa vizuri. Ila uliza tu, usihukumu, kwa sababu mvuvi wa sangara hafuati taa, na hata wa dagaa anaweza kubaki kambini akisubiri kulipwa na tajiri wa mtumbwi. Kugawana mapato hufanyika kipindi hicho hicho cha mwezi, na ndipo pesa nyingi za kambini zinapoishia kambini.

Mtandao nao unasumbua kweli kwenye visiwa vingine. Simu isiyopatikana siku mbili haina maana yoyote kwa peke yake. Simu isiyopatikana kila usiku saa tatu lakini mchana inaita, hiyo mtandao hausingiziwi.

Na kwa wanaopita Sengerema au Geita: sababu ya "nimekwama feri Kigongo, foleni ndefu" ilifanya kazi miaka mingi, nami mwenyewe nimeshaipokea mezani. Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita kama tatu hivi, mtu anavuka kwa dakika chache. Kuna bwana mmoja aliitumia hiyo sababu baada ya daraja kufunguliwa. Mkewe hakusema kitu, alicheka tu, na anasema kicheko kile kilimfungua mumewe mdomo kuliko ugomvi wote wa miaka minne.

Nipekue simu yake?

Usipekue. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia bila idhini kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine, na simu janja haiko mbali na hapo. Lakini sababu yangu kubwa ni ya kawaida zaidi. Ukipekua ukakuta kitu, mazungumzo yatahusu kupekua kwako, si alichofanya. Ukipekua usikute kitu, utapekua tena kesho.

Kinachosaidia ni kufungua pamoja, kila mtu yake, mchana, mkiwa mmekaa. Kwa M-Pesa mnabonyeza

```
*150*00#
```

na mnatazama taarifa za miamala ya mwenye simu, akiwa ameweka namba yake ya siri mwenyewe. Hapo mnaweza kukutana na kitu ambacho wengi hawakifikirii: Songesha. Mtu akikopa huko, pesa yoyote inayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipia deni. Nimeona mke akimtumia mumewe 20,000 ya dawa za mtoto, mume akarudi na dawa nusu na hadithi ndefu ya duka kufungwa. Pesa ilikatwa pale ilipoingia. Aliona aibu kusema alishakopa mwezi uliopita, akaona heri aonekane mzembe.

Je, uongo mdogo huota ukawa mkubwa?

Mara nyingi ndiyo, hasa ule unaomnufaisha anayesema. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha UCL, London, walichapisha jaribio ambapo watu walidanganya kuhusu pesa huku ubongo wao ukipigwa picha. Kadiri walivyorudia, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ilizidi kupoa, na uongo ukazidi kukua. Uongo wa kumnufaisha mtu mwingine peke yake haukukua kwa namna hiyo.

Barazani naliona kwa lugha nyingine. Mara ya kwanza mtu akila cha juu cha mia tano hutetemeka. Mwaka wa pili anakutajia bei ya uongo huku anamenya ndizi.

Ananiambia mimi ndiye ninayemfanya adanganye.

Swali gumu, na jibu langu lina pande mbili zisizolingana.

Kuna nyumba ambazo ukweli una bei kubwa mno. Mtu akisema "nimempa mama elfu kumi" anasikilizwa hotuba ya saa moja, na jambo hilo linarudishwa kila sikukuu. Baada ya mara tatu, mtu wa kawaida ataanza kusema "nimenunua mafuta ya pikipiki". Huo ndio uongo wa woga niliousema. Dawa yake ni wewe kushusha bei ya ukweli: mara moja tu, akikwambia kitu usichokipenda, jibu "asante kwa kuniambia" na usilitaje tena wiki nzima. Utashangaa nini kinafuata.

Lakini kuna anayetumia sentensi hiyohiyo kama ngao. Umemkuta na jambo la wazi, anasema una wivu, huna akili, umelishwa maneno na dada zako, na mwisho unaomba msamaha wewe. Kipimo changu ni hiki: aliyedanganya kwa woga, ukimwondolea woga, huleta habari mwenyewe. Anayetumia ngao, ukimwondolea woga, hudanganya kwa raha zaidi.

Na kama unadanganya, au unadanganywa, kwa sababu ukweli unaleta kipigo, basi hilo si la ukurasa huu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Usiulize maswali ya daftari nyumbani kwa mtu anayepiga.

Nimwulizeje bila kumfukuza?

Usiulize swali ambalo jibu lake unalo. "Jana ulikuwa wapi?" wakati unajua alikuwa wapi ni mtego, na mtu akiingia mtegoni anakuwa amesema uongo mmoja zaidi, ulioutengeneza wewe. Weka unachokijua mezani kwanza, kidogo, bila kupamba. Yule fundi wa Igoma tulimfundisha sentensi hii: "Mama Neema, nimeona Alhamisi unapumua na Jumatano unahema. Sijui ni nini. Kama ni pesa, nataka tuibebe wote." Neno "kama ni pesa" ndilo lililofanya kazi. Lilimwambia mke kwamba mume hajafikiria mabaya zaidi, hata kama alishayafikiria.

Muda pia una maana. Usiulize siku yenyewe ya presha. Ungemuuliza Jumatano, angepata uongo mwingine tu kwa sababu hana nafasi kichwani. Ijumaa asubuhi ana siku sita mbele yake.

Na usiite wakwe wala mshenga kwenye mazungumzo ya kwanza. Aibu ikishapata watazamaji, ukweli hurudi ndani.

Deni alilokopa kwa siri linaweza kuchukua nyumba yetu?

Kwa nyumba mnayoishi kama mke na mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mmoja kuiuza, kuiweka rehani au kuitoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia kuna hati imetiwa saini bila wewe, usisubiri, nenda kwa wasaidizi wa kisheria mara moja. Vyombo vya ndani ni habari nyingine: vikundi vya kausha damu vinakuja na kubeba televisheni na godoro, mara nyingi bila amri yoyote ya mahakama, na watu wanawaachia kwa sababu wanaona haya majirani. Uliza karatasi kwanza, tena mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kama mmefikia kuachana, sheria hiyohiyo inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Ndiyo maana mnakuja kwetu. Njooni mapema kidogo kuliko mnavyokuja.

Mimi ndiye ninayedanganya. Nianzie wapi?

Chukua karatasi, andika kila unayemdai na kila anayekudai, kiasi, na siku ya rejesho. Usiandike sababu. Sababu zitakufanya uanze kujitetea kabla hujamaliza orodha. Jumlisha. Halafu chagua kitu kimoja kwenye karatasi hiyo ambacho mwenzako angekigundua peke yake ndani ya mwezi huu, na umwambie hicho kabla hajakigundua, siku ambayo hakuna mgeni nyumbani na watoto wamelala. Mwambie pia kwamba kuna mengine na utayaleta lini, kwa siku na saa. Usipoyaleta siku hiyo, atakuwa na haki ya kuacha kukusubiri.

Yule mama wa dagaa, karatasi yake ilikuwa nyuma ya kifuko cha unga, kwa penseli. Mpaka leo iko kwenye kabati lao. Mume ndiye aliyekataa itupwe.